Deni la Kodi Linalosubiri Mahindi

Jioni hii nataka tuzungumzie malimbikizo ya kodi ya nyumba. Sizungumzii mpangaji tapeli anayehama usiku na magodoro. Huyo ana habari yake. Namzungumzia mpangaji wa kawaida aliyekwama, na mwenye nyumba ambaye badala ya kuanza safari ya kumtoa anamwita na kumwambia: njoo tukae, tuandike utalipaje.

Mwezi wenyewe ni Februari, na huku kwetu Ufipa Februari inajulikana. Mvua zimeanza Novemba, na fedha iliyokuwepo ikaingia kwenye mbegu na mbolea. Januari watoto wamerudi shule, sare mpya, daftari mpya, michango. Gunia la mwisho la mahindi ya mwaka jana limebaki nusu. Mahindi ya mwaka huu yamesimama vizuri shambani, yanapendeza kwa macho, lakini hayavunwi mpaka Mei ipite. Ukitazama vitabu vya wenye nyumba wengi kwenye uwanda huu utakuta deni la kodi lina msimu wake: linaanza Oktoba au Novemba, linanenepa hadi Machi, halafu Julai na Agosti linapungua. Kwa hiyo mwenye nyumba anayempa mpangaji wiki mbili mwezi Februari anadai fedha wakati ambao haipo nyumba nzima, haipo mtaani, na pengine haipo hata kwa jirani wa kukopa.

Kwanza tuione njia ile nyingine, ya kumtoa, kwa sababu watu huitamka kwa wepesi. "Nitamtoa!" Haya, mtoe. Unamtoaje?

Zamani kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya mwaka 1984, iliyokuwa imemwekea mwenye nyumba mipaka kuhusu kiwango cha kodi na sababu za kumwondoa mtu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Wapo waliodhani kufutwa kwake kulimpa mwenye nyumba ruhusa ya kufanya apendavyo. Sivyo. Kilichotokea ni kwamba uzito ulihamia kwenye makubaliano ya watu wawili: mlichopatana, na hasa mlichoandika, ndicho kitakachotazamwa mkifikishana mbele ya baraza. Mgogoro wa nyumba bado una ngazi zake. Unaanza na notisi ya maandishi. Mpangaji asipoondoka, shauri linapita Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu katika mambo ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa linatoa hati ya kusema limeshindwa, na zikipita siku 30 bila suluhu mlalamikaji anaweza kuendelea hata bila hati hiyo. Hapo ndipo unapofungua shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Unalipa ada ya kufungua, unapeleka wito, unahudhuria, linaahirishwa, unahudhuria tena. Ukishinda unaomba utekelezaji, na anayetekeleza ni dalali mwenye mamlaka, ambaye naye ana malipo yake.

Sasa weka nauli ya kwenda na kurudi mjini kila shauri linapotajwa, weka siku uliyoacha shamba, kisha ulinganishe na deni la vyumba viwili vya kijijini. Mara nyingi gharama inalipita deni. Na hapo bado hujahesabu jambo ambalo wenye nyumba wa Kaengesa wanalijua kuliko mimi: chumba kikibaki wazi Machi, hukipangishi kirahisi mpaka watu wapate fedha ya mavuno. Ukimtoa anayedaiwa miezi mitano, umejiongezea miezi mingine mitatu au minne isiyo na kodi kabisa, na deni lenyewe limeondoka naye.

Ndiyo maana wengine huchukua njia ya mkato: wanang'oa mlango, wanaezua bati, wanafunga kufuli mpya mpangaji akiwa shamba. Niseme wazi kwamba hilo ndilo kosa ghali kuliko yote. Mwenye nyumba aliyekuwa anadai anageuka kuwa anayedaiwa. Mpangaji atasema ndani kulikuwa na fedha, kulikuwa na simu, kulikuwa na gunia la mbegu, nawe huna namna ya kuonyesha kwamba havikuwepo.

Basi turudi kwenye karatasi. Nitatunga mfano, msije mkaanza kumtafuta mtu kijijini. Mama mmoja mjane ana nyumba ya vyumba sita. Viwili amempangisha fundi cherehani mwenye mke na watoto, kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Fundi analima pia ekari mbili za mahindi. Hajalipa Oktoba, Novemba, Desemba, Januari wala Februari. Ni miezi mitano, shilingi 150,000.

Mama anamwita jioni. Fundi anaingia na shikamoo ya mtu aliyekwisha kuelewa ameitiwa nini.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Leo sikuiti nikugombeze. Chukua daftari lako na mimi nichukue langu, tuanze kuhesabu."

Angalieni kazi ya kwanza hapo. Hawajaanza na ahadi, wameanza na hesabu. Mipango mingi inavunjika kwa sababu watu wawili wamesaini kiasi ambacho kila mmoja anakielewa kivyake. Mama anasema miezi mitano. Fundi anakumbusha kwamba Desemba alinunua kitasa cha mlango wa mbele na misumari ya bati lililofumuka, na mama alisema "tutakatana". Je, ni kweli alisema? Kama ni kweli, ikatwe sasa, iandikwe, kisha isitajwe tena. Kama bili ya maji au umeme imo ndani ya deni, itenganishwe na kodi. Mjini Sumbawanga kuna pia lile la kodi ya jengo: tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na kuanzia 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa mwaka ni shilingi 18,000, nayo ni haki ya mpangaji kuidai wakati wa kuhesabu. Katika mfano wetu wamekubaliana kwamba kitasa na misumari vilishafidiwa, na deni ni shilingi 150,000 kamili.

Kazi ya pili ni mpango wenyewe, na hapa ndipo wengi wanapotea. Mwenye nyumba mwenye haraka anagawa 150,000 kwa miezi mitano, anapata 30,000, anasema: basi utalipa 60,000 kila mwezi kuanzia Machi. Kwa kalamu ni sawa. Kwa Ufipa ni karatasi ya kuvunjwa. Fundi aliyeshindwa 30,000 Januari hawezi kupata 60,000 Machi. Atakachofanya, kama ni mtu wa heshima anayeogopa kuaibika, ni kuuza mahindi yangali mabichi shambani kwa mlanguzi, kwa bei anayopangiwa. Atalipa kodi ya Machi na Aprili kwa chakula cha Desemba, na Oktoba ijayo atakuwa na deni kubwa kuliko hili. Mama naye atakuwa amejitengenezea deni jipya kwa mikono yake.

Mpango unaofuata kalenda ya mahindi unakwenda hivi. Machi, Aprili na Mei fundi analipa kodi ya mwezi, 30,000, na juu yake 5,000 ya deni la zamani, jumla 35,000. Shilingi 5,000 ni ndogo, na imewekwa ndogo kwa makusudi: inaonyesha kwamba deni linakumbukwa, na inamzoesha kulipa kila mwezi. Juni analipa kodi tu, 30,000, kwa sababu ndio mwezi wa kuvuna, kupukuchua na kukausha, fedha inatoka kabla haijaingia. Julai analipa kodi pamoja na 75,000 ya deni. Agosti kodi pamoja na 60,000. Jumlisha nami malipo ya deni: 15,000 ya miezi mitatu ya kwanza, 75,000 ya Julai, 60,000 ya Agosti. Ni 150,000. Agosti ikiisha, deni limekwisha na kodi ya miezi yote sita imelipwa.

Kwa nini Julai na Agosti, na si Juni? Kwa sababu mahindi yenye unyevu yana mnunuzi mmoja tu, naye ni yule anayekuja na lumbesa yake. Mahindi makavu yana nafasi ya kwenda kwenye kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, au kwa wafanyabiashara wanaopakia malori kuelekea Tunduma. Na anayeuza kwenye kituo cha ununuzi asijihakikishie kwamba fedha itaingia siku ileile. Mwenye nyumba anayejua hilo anaandika tarehe ya mwisho wa mwezi, haandiki tarehe moja.

Kuna kifungu kimoja ambacho nakitilia mkazo kuliko vingine, nacho kinasahaulika karibu kila mara: fedha ikilipwa, inahesabiwa wapi kwanza? Tuseme Aprili fundi ameleta 30,000 badala ya 35,000. Mama akiiandika yote kwenye deni la Oktoba, basi Aprili haijalipwa, na fundi tayari amevunja mpango. Akileta 30,000 nyingine Mei ikaandikwa Novemba, Mei nayo haijalipwa. Mtu analipa kila mwezi na kila mwezi ni mkosaji. Nimeona daftari za namna hiyo. Mwenye nyumba anaapa kwamba mpangaji halipi, mpangaji anaapa analipa, na wote wawili wanasema kweli. Sentensi moja inamaliza ugomvi: kila malipo yatahesabiwa kwanza kwenye kodi ya mwezi husika, kinachozidi ndicho kitapunguza deni la zamani.

Karatasi yenyewe haihitaji maneno ya wakili. Nawasomea inavyoweza kuandikwa:

"Mimi fulani, mpangaji wa vyumba viwili katika nyumba ya fulani, kitongoji fulani, kijiji cha Kaengesa, nakubali kwamba hadi tarehe 28 Februari nadaiwa kodi ya miezi mitano, Oktoba hadi Februari, shilingi 150,000. Nitalipa deni hili pamoja na kodi ya kila mwezi kama ifuatavyo." Hapo inafuata miezi sita na kiasi cha kila mwezi. Kisha: "Mimi fulani, mwenye nyumba, nakubali kwamba maadamu mpangaji anafuata mpango huu, sitatoa notisi ya kumwondoa kwa sababu ya deni hili, wala sitapandisha kodi kabla ya tarehe 31 Agosti."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoifanya karatasi kuwa makubaliano. Bila hiyo, mpangaji amesaini kukiri deni, na mwenye nyumba hakutoa kitu. Mpangaji aelewe uzito wa kukiri kwa maandishi. Kwa kawaida madai ya malimbikizo ya kodi yana ukomo wa miaka sita. Ukikiri deni kwa maandishi na saini, hesabu ya miaka hiyo inaanza upya siku uliyosaini. Kwa deni la miezi mitano hilo si tatizo. Ila ukiletewa karatasi inayokutaka ukiri deni la zamani usilolijua, la chumba alichokaa ndugu yako miaka ya nyuma, weka kalamu chini kwanza.

Mnaandika nakala mbili, kila mmoja na yake, saini za wote wawili kwenye zote. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba, asomewe kwanza mbele ya shahidi, na shahidi aandike kwamba alisomewa. Mashahidi wanaofaa kijijini ni mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, si kwa sababu muhuri una uchawi, ila kwa sababu hao ndio watakaoulizwa mambo yakiharibika. Nyuma ya karatasi mnachora safu za malipo: tarehe, kiasi, saini ya aliyepokea. Akilipa kwa simu, ujumbe wa muamala usifutwe. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi. Ila nanyi fundi na wenzako, msitume kwenye namba ya mtoto wa mama mwenye nyumba kwa sababu eti mama simu yake haina chaji. Namba iandikwe kwenye mkataba, na fedha iende kwenye namba hiyo tu.

Sasa, akikosa? Atakosa, hilo tulitegemee. Mpango wa miezi sita usiotarajia mwezi mmoja mbaya umeandikwa na mtu asiyelima. Wekeni siku saba za ziada baada ya mwisho wa mwezi. Zikipita, wakutane mara moja mbele ya shahidi yuleyule, na kama kuna sababu ya kweli, mtoto kulazwa, mvua kuharibu mahindi uwanjani, kiasi kile kihamishwe na mabadiliko yaandikwe kwenye nakala zote mbili. Akikosa mara ya pili bila kusema neno, mama yuko huru kutoa notisi na kwenda Baraza la Kata, akiwa na kitu ambacho wenzake wengi hawana: deni lililokubaliwa, saini, na orodha ya kilicholipwa. Wasuluhishi pale ni wajumbe watatu, angalau mmoja wao mwanamke, na mawakili hawaruhusiwi kusimama mbele ya baraza hilo. Wataanza na karatasi hiyo. Hawatapoteza siku kubishana kama deni ni miezi mitano au minne.

Lakini msiandike kwamba akikosa, mama atachukua cherehani. Najua kifungu hicho kinapendwa. Kinaonekana kikali na kinamtisha mtu. Fundi aliyenyang'anywa cherehani hana tena njia ya kulipa, na mama aliyeichukua bila amri ya chombo chochote ameingia kwenye kesi ambayo hakuihitaji. Vivyo hivyo na maneno "nikishindwa nitatoka siku hiyohiyo bila kwenda popote". Yanaandikwa, yanasainiwa, na siku ikifika mtu hatoki. Unarudi kwenye notisi na baraza kama kawaida, ila sasa mmekwisha kutukanana.

Niseme pia kwamba mpango huu haumfai kila mtu. Kama fundi hana shamba, wateja wamehama, na cherehani ipo rehani kwa mtu, Julai haimletei chochote. Kumwandikia Julai ni kudanganyana. Hapo ni afadhali makubaliano ya aina nyingine: aondoke mwisho wa mwezi kwa amani, sehemu ya deni isamehewe, sehemu iandikwe. Dalili unaiona mezani. Mpangaji anayekubali kila kiasi unachotaja bila kupiga hesabu, "ndiyo mama, sawa mama, hata laki mama," huyo hana mpango wa kulipa, ana mpango wa kumaliza kikao. Anayebishana nawe juu ya 5,000 ya Aprili ndiye aliyefikiria itatoka wapi. Na upande wa pili, mwenye nyumba anayeleta karatasi huku amekwisha kupata mpangaji mwingine anayetoa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, aseme tu kwamba anataka nyumba yake. Ana haki ya kutoa notisi inayostahili. Asimfunge mtu kwenye mpango mgumu ili ukivunjika apate kisingizio.

Jambo la mwisho ni la Agosti. Malipo ya mwisho yakitolewa, zile nakala mbili ziletwe mezani pamoja, na kwenye kila moja mama aandike: "Deni la shilingi 150,000 limelipwa lote," tarehe, saini. Fundi aitunze yake; watoto wa marehemu hurithi nyumba pamoja na daftari, na daftari halisemi kilicholipwa kwa mdomo. Na palepale, mahindi yangali ghalani, wapatane kuhusu Oktoba hadi Februari ijayo. Fundi akiweza kulipa kodi ya miezi hiyo mitano Agosti au Septemba, wakati fedha ipo, mama ampunguzie kidogo kwa kulipa mapema. Asipoweza yote, alipe miwili mitatu. Waiandike karatasi hiyo kabla mvua ya Novemba haijaanza kunyesha na fedha haijaingia tena kwenye mbolea.